Sekunde Ambazo Mwizi Hana: Mafunzo Niliyopata Nikiitetea Video Yangu ya Luzira

Video yenyewe ni fupi. Mzee mmoja fundi wa boti, mzaliwa wa Ukerewe aliyehamia Kampala zamani, anakalafati boti ya mbao ufukweni Luzira, upande wa Port Bell. Anasokota pamba, anaisukumiza kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo, na huku anaeleza boti inavyoanza kuvuja na kwa nini fundi mwenye haraka huzamisha watu. Niliipiga alfajiri, nikaihariri usiku kwa usiku, nikaiweka YouTube, nikaendelea na kazi nyingine.

Miezi kadhaa baadaye nikapata notisi: video imeondolewa kwa sababu mwenye hakimiliki ameomba iondolewe, na chaneli yangu imepewa onyo. "Mwenye hakimiliki" alikuwa akaunti ambayo sikuwahi kuisikia, na hapa sitaitaja. Walikuwa wameidaunlodi video yangu, wameigeuza kushoto kulia kama inavyoonekana kwenye kioo, wameikata ikawa ya wima, wametandika muziki juu, kisha wakaiombea ya kwangu iondolewe. Mwishowe ilirudi. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata njiani, na ninayaandika kwa ajili ya wapiga video wenzangu ambao siku moja wataamka na notisi kama ile.

1. Soma notisi mpaka ujue ni dai la aina gani

Kwenye YouTube kuna mambo mawili yanayofanana kwa mbali lakini njia zake ni tofauti kabisa. La kwanza ni dai la Content ID, mfumo ulioanza mwaka 2007, ambapo kompyuta inalinganisha video yako na hazina ya picha na sauti zilizowekwa na wenye mali. Dai la namna hii mara nyingi huiacha video hewani, ila mapato yanaelekezwa kwa mdai au yanazuiwa. Halileti onyo. Ukilipinga, mdai anapewa siku 30 kujibu, na ukipinga ndani ya siku tano za mwanzo, mapato yanawekwa pembeni tangu siku ya kwanza ya dai mpaka mgogoro uishe.

La pili ndilo lililonipata mimi: mtu amejaza fomu ya kisheria akaomba video iondolewe. Video inashuka na onyo linapanda. Onyo moja hukaa siku 90 baada ya kumaliza somo fupi la hakimiliki wanalokupa, na maonyo matatu ndani ya muda huo yanaweza kuifunga chaneli nzima. Kitu cha kwanza ambacho rafiki zangu walinishauri ni kuifuta video ili yaishe. Hapana. Kuifuta video hakuliondoi onyo, na unabaki huna hata kitu cha kutetea.

Jambo jingine lililonichukua muda kulikubali ni kwamba YouTube haiamui nani ni mwenye mali. Inapokea madai, inayapitisha, inatazama kama fomu zimetimia, na kesi ya umiliki inaiacha kwa wahusika na mahakama. Kwa hiyo ushahidi wako huukusanyi kwa ajili ya hakimu mmoja aliyekaa mahali akikungoja. Unaukusanya ili mdai aone hana pa kushika, ili maelezo yako kwenye fomu yawe mafupi na yasiyopingika, na ili mambo yakifika kwa wakili umpe bahasha iliyokamilika.

2. Ushahidi mzito ni ule ambao hukuwahi kuurusha

Watu wengi wakidaiwa huanza kuonyesha video waliyoichapisha: tazama, hii hapa, ina nembo yangu. Lakini hiyo ndiyo video ambayo mwenzako pia anayo. Aliyekuibia ana kila kitu ulichokiweka hadharani, na hana hata sekunde moja ya kile ulichokikata. Hapo ndipo pa kusimama.

Nilikaa na video yao kwenye skrini moja na faili zangu ghafi kwenye nyingine, nikatafuta mahali ambapo mkato wa uhariri unaonekana. Kwao, dakika ya kwanza na sekunde saba, fundi anapiga nyundo mara tatu kisha picha inaruka kwenda kwenye mikono ikisokota pamba. Mkato huo niliufanya mimi. Kwenye faili ghafi, baada ya pigo la tatu, mzee anaiweka nyundo juu ya ubao, anageuka kunitazama, na anasema, "Binti, hiyo mashine yako haichoki?" Sauti yangu inasikika nyuma ya kamera: "Inachoka, mzee, ndiyo maana nina betri ya pili." Anacheka, anaendelea. Niliyakata kwa sababu hayakuwa na kazi kwenye hadithi. Baadaye yakawa ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote.

Kuna kitu cha pili kwenye faili ghafi: upana wa picha. Nilipiga kwa 4K ya kawaida, yaani pikseli 3840 kwa 2160, picha ya mlalo. Ukikata picha ya mlalo iwe ya wima bila kupunguza urefu wake, unabaki na pikseli kama 1215 tu za upana, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya picha imetupwa. Kwenye picha yao mzee yuko peke yake na ubavu wa boti. Kwenye picha yangu, sekunde ileile, kushoto kwake kuna kijana anayechambua pamba, na kulia kuna boti nyingine imeegeshwa na maji ya ziwa yanaonekana nyuma yake. Picha pana inaweza kuzaa picha nyembamba. Picha nyembamba haiwezi kuzaa pana na mambo yake yote yakakubaliana, fremu kwa fremu, kwa dakika nzima.

La tatu ni kule kugeuza. Wanaoiba video hupenda kuigeuza kama kioo ili mifumo ya kulinganisha ipate shida kuitambua. Matokeo yake mzee anayeshika nyundo kwa mkono wa kulia, kwao anaishika kwa wa kushoto, na herufi zilizopakwa ubavuni mwa boti zinasomeka kinyume. Waliliona hilo, wakazifunika kwa ukungu. Kwenye faili ghafi zinasomeka vizuri, na boti ilikuwa bado ipo ufukweni, kwa hiyo nilirudi nikaipiga picha tena na rangi ileile.

La nne ni sauti. Muziki wao ulifunika kila kitu. Kwangu chini ya sauti ya mzee kuna honi ya meli, redio ya mtu kwa mbali, na nyundo yenyewe ikibadilika mlio kadiri pamba inavyokaza. Ukichukua video ya mtu na kuweka wimbo juu yake, huwezi kuirudisha ile redio.

Katika yote hayo manne, la kwanza ndilo nililolitumia kama swali. Notisi ya YouTube inaonyesha mawasiliano ya aliyedai, nikamwandikia barua pepe fupi: kama ulipiga video hii wewe, niambie mzee anasema nini mara tu baada ya kuiweka nyundo chini kwenye dakika 1:07. Sikumpa jibu, sikumtumia klipu. Mwenye faili angejibu kwa sentensi moja. Jibu nililopata lilizungumzia timu yao ya sheria, na la nyundo halikuguswa.

3. Nakili kadi nzima, pamoja na yale yanayoonekana takataka

Kamera yangu ni Sony. Ukifungua kadi yake, video haziko juu juu. Ziko ndani ya `PRIVATE/M4ROOT/CLIP`, na kila klipu ina faili dogo pembeni yake. Klipu `C0031.MP4` inafuatana na `C0031M01.XML`. Wengi huziburuta MP4 peke yake na kuziacha hizo XML kwa kuwa hazichezi. Ukiifungua moja kwa Notepad, katikati ya mistari mingi utakuta mambo kama haya:

```
<CreationDate value="2024-02-17T06:58:12+03:00"/>
<Device manufacturer="Sony" modelName="ILCE-6400" serialNo="..."/>
```

Hapo pana siku na saa ya kupiga, modeli ya kamera, na namba ya kamera yenyewe, ambayo inalingana na ile iliyochapwa chini ya mwili wa kamera na iliyoandikwa kwenye risiti ya dukani. Risiti yangu ninayo. Faili, kamera na risiti, vyote vina namba moja. Mtu aliyedaunlodi kutoka YouTube hana kitu hicho, kwa sababu YouTube inaitengeneza video upya baada ya kupakiwa na maelezo ya kamera hayamfikii mtazamaji.

Hapo kwenye saa kuna mtego. Ndani ya MP4 yenyewe saa huandikwa kwa saa ya dunia, si ya kwetu, na sisi tuko saa tatu mbele. Programu ya `exiftool` ikiisoma klipu ileile inaonyesha 03:58:12. Mdai au wakili wake akiona 03:58 upande mmoja na 06:58 upande mwingine atasema umechezea faili. Ieleze tofauti hiyo kwa sentensi moja kabla hajaiuliza. Na uitazame picha yenyewe: saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane asubuhi, kwa Kampala mwezi Februari, ndiyo kwanza jua linachomoza, na vivuli kwenye klipu hiyo ni virefu kama inavyotakiwa. Saa tisa na kitu usiku pangekuwa giza totoro.

Usifute klipu mbovu. Mfululizo wa namba ni ushahidi peke yake: C0027 picha yake ina ukungu, C0028 nilibonyeza kwa bahati mbaya nikapiga viatu vyangu, C0029 ni mzee akinipa ruhusa ya kupiga, na kuendelea. Asubuhi nzima iko pale kwa mpangilio. Anayedai kuwa yeye ndiye alipiga atalazimika kuwa na asubuhi yake, yenye viatu vyake.

Tatizo ni nafasi. Kwa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula kama gigabaiti 45, na diski si bure. Hapa Kampala tuna kisa kinachojulikana na kila mtu. Filamu ya Wakaliga, *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, inapendwa dunia nzima, lakini toleo lake la asili lisilo na sauti ya VJ Emmie halipo tena. Mtengenezaji wake, Nabwana I.G.G., alilazimika kusafisha kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Yeye hakuna anayeweza kumnyang'anya filamu ile, maana Wakaliga nzima imo ndani yake. Mimi na wewe hatuna kinga hiyo. Ninachofanya ni kutunza kadi nzima kwa kila kazi niliyoichapisha, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kwa kazi ambazo hazikutoka ninabakiza nakala ndogo zenye ubora wa chini pamoja na faili zote za XML, ambazo hazina uzito wowote.

4. Tarehe nzuri ni ile iliyo mikononi mwa mtu mwingine

Hata hayo ya XML yana mwisho wake. Saa ya kamera naiseti mimi, na XML ni maandishi, mtu mwenye nia anaweza kuyabadilisha kwa Notepad hiyohiyo. Ile tarehe inayoonekana ukibofya faili kwenye kompyuta ni dhaifu zaidi, maana inaweza kubadilika kila unapohamisha. Kwa hiyo tarehe za kwangu zinahitaji shahidi ambaye saa yake siishiki.

Hapo ndipo rasimu zinapoingia. Premiere huhifadhi yenyewe nakala za mradi kwenye folda ya Auto-Save, na jina la kila nakala linabeba tarehe na saa. Ukizifungua kwa zamu unaona kazi ikikua: nakala ya mwanzo ina klipu zote zimemwagwa, inayofuata ina mpangilio bila majina, nyingine ina mzee akianza kwa sentensi ambayo baadaye niliihamishia mwishoni. Mwizi hana njia ya kupita kwenye hayo makosa na mabadiliko ya nia. Lakini nakala hizo nazo ziko kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo zinaeleza vizuri jinsi video ilivyotengenezwa kuliko zinavyothibitisha ni lini.

Hilo la lini lilithibitishwa na barua pepe. Rasimu ya pili nilimpelekea mama mmoja anayenifanyia tafsiri ya Luganda kwa maandishi ya chini, kwa Gmail, kabla video haijatoka. Barua hiyo ipo kwangu na ipo kwake, na imepita kwenye seva za Google zilizoiwekea saa na saini yake. Ukibofya "Show original" unaziona. Tunza barua yenyewe, si picha ya skrini. Picha ya skrini mtoto wa shule anaitengeneza.

WhatsApp ni ya kuangalia kwa makini. Ukituma video kwa njia ya kawaida inabanwa na maelezo ya kamera yanafutika, kwa hiyo usidhani umehifadhi faili kule. Bado mazungumzo yana faida: mjukuu wa fundi alinijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba babu anataka jina la kijiji chake liondolewe, na kwenye toleo lililotoka limeondolewa. Ukitaka faili lifike salama, litume kama hati. Na ukiwa na mteja aliyewasha ujumbe unaojifuta, mwombe auzime kwa mazungumzo ya kazi.

Siku hizi ninaongeza hatua moja ambayo haichukui dakika mbili. Nikishanakili kadi, ninatoa alama ya hashi kwa klipu kuu:

```
certutil -hashfile C0031.MP4 SHA256
```

Unatoka mstari wa herufi na namba 64 ambao ni wa faili hilo peke yake. Ukibadilisha chochote ndani ya faili, hata kidogo namna gani, unatoka mwingine tofauti kabisa. Ninaubandika kwenye barua pepe na kumpelekea mtafsiri wangu pamoja na jina la kazi. Unathibitisha kwamba faili hili, kama lilivyo, lilikuwapo siku ile. Hauthibitishi kwamba nililipiga mimi, na usimwambie mtu hivyo. Vilevile ninapakia toleo la mwisho YouTube likiwa la faragha siku kadhaa kabla ya kulitoa, maana zana yao ya kutafuta nakala, Copyright Match Tool, inategemea nani alikuwa wa kwanza kupakia.

Wapinzani wangu nao walileta tarehe. Walinitumia picha ya skrini ya ukurasa wa Facebook wenye video ileile, na siku iliyoandikwa ilikuwa ya nyuma kuliko ya kwangu. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ilibidi kuingia kwa VPN kwenda kuutazama. Mwenye ukurasa wa Facebook anaweza kulirudisha nyuma chapisho kwa tarehe anayoitaka. Sikuhangaika kubishana nao juu ya hilo. Video iliyokuwa kwenye ukurasa ule ilikuwa na mkato wa dakika 1:07, na mkato ule haukuwapo duniani mpaka usiku nilioufanya.

5. Usimwage faili zako zote mezani

Mtu aliyekasirika hutaka kutuma kila kitu. Mdai wangu kweli aliomba: tuma faili ghafi tukague. Ukizituma umempa kitu pekee alichokosa, na wiki ijayo yeye ndiye mwenye C0031.

Luzira ina sababu yake nyingine. Huwezi kupiga video huku kwetu ukaigeuza kamera hovyo, gereza kuu la nchi liko hapa hapa. Kwenye klipu nyingi za pwani kuna watu waliopita wakiwa kwenye shughuli zao bila kuniruhusu, na kuna wakati kamera ilipepesuka kuelekea mahali ambapo askari asingependa. Vitu hivyo nilivikata kwa makusudi, na kuvitoa sasa kama ushahidi kungeniletea kesi nyingine nisiyoihitaji.

Nilichotengeneza ni ukurasa mmoja na klipu moja fupi. Klipu ina picha mbili ubavu kwa ubavu: yao kushoto, yangu kulia, nikiwa nimeigeuza yangu ili zifanane, ubora wa chini, namba za muda zikitembea chini, na neno USHAHIDI limepita katikati ya picha. Inaonyesha sekunde tano kabla ya mkato na inasimama pale mzee anapoweka nyundo. Maneno yake hayamo. Ukurasa unaeleza hoja tatu tu, kila moja na jina la faili na dakika yake. Faili zenyewe nilisema ziko tayari kuonyeshwa mbele ya wakili au mahakama, kwenye diski yangu, mimi nikiwepo.

6. Kabla ya kutuma arifa ya kukanusha, fikiria anwani yako

Mdai alipokataa kuondoa ombi lake, njia iliyobaki ilikuwa arifa ya kukanusha. Fomu inataka jina lako kamili la kisheria, anwani ya mahali unapoishi au kufanyia kazi, simu, tamko chini ya kiapo kwamba unaamini video iliondolewa kimakosa, na kukubali kwamba ukishtakiwa, mahakama ya shirikisho ya Marekani ina mamlaka juu ya shauri hilo. Hapo wengi huogopa na kuacha. Lakini mdai naye yuko kwenye sheria hiyohiyo, ya mwaka 1998: akishapelekewa arifa yako ana siku 10 za kazi za Marekani kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipofanya hivyo, video inarudi na onyo linafutwa.

Kilichonisumbua mimi hakikuwa mahakama. Arifa hiyo, pamoja na jina na anwani, inapelekwa kwa mdai. Mtu usiyemjua, aliyekwisha kuonyesha tabia yake, anapata kujua unalala wapi. YouTube inakubali wakili aitume kwa niaba yako, na hiyo ndiyo njia niliyoitumia, ikiwa na anwani ya ofisi yake. Kwa mwanamke anayeishi peke yake naiona ada ile imelipwa mahali pake.

Maelezo ndani ya fomu yalikuwa aya moja: nilipiga video hii Luzira tarehe fulani kwa kamera yenye namba fulani, ninazo faili ghafi zinazoanza kabla na kuendelea baada ya kila mkato, toleo la mdai ni picha yangu iliyokatwa na kugeuzwa, rasimu ilipelekwa kwa mtu wa tatu tarehe fulani. Hakuna matusi, hakuna historia ya chaneli. Siku zao zikapita bila kesi, video ikarudi, na baada ya hapo mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuomba nakala yao iondolewe.

7. Faili ghafi inaonyesha aliyepiga, na aliyepiga si lazima awe mwenye mali

Hili wakili alinieleza tukiwa tumemaliza, na ningependa kila mpiga video wa Kampala alijue kabla hajadaiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe, huhitaji kuisajili. Usajili wa URSB pale Kololo ni kwa ajili ya kuweka ushahidi na kumbukumbu, na unasaidia sana kama unatarajia ugomvi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kazi iliyofanywa na mwajiriwa kazini, au iliyoagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake inakwenda kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Video za harusi, matangazo ya maduka, kazi za mashirika: unaweza kuwa na kadi nzima, XML zote, na rasimu kumi zenye tarehe, na bado ukashindwa na mteja wako mwenyewe kwa kuwa hamkuandikiana.

Video ya fundi hakuna aliyeiagiza, kwa hiyo swali hilo halikunigusa. Kwa kazi za kulipwa, sasa kuna sentensi kwenye mkataba wangu, juu ya sahihi: mteja anapata haki ya kuitumia video iliyokamilika kwa matumizi yaliyotajwa hapa, na hakimiliki ya video pamoja na faili ghafi inabaki kwa mpiga video. Baadhi ya wateja huikataa. Hao ninawaandikia bei nyingine, ya kununua vyote, na siku ya kukabidhi wanaondoka na diski yenye kadi nzima.